Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba ile sura kwenye video imebandikwa?

Wakuu habari zenu, naanza na yangu halafu na nyie mmwage zenu.

Mwezi uliopita mama alitumiwa video kwa namba mpya, sekunde kama 40 hivi, kaka yangu mkubwa anasema simu imeibiwa amekwama safarini atumiwe hela. Sura yake kabisa na sauti inafanana, mama keshaanza kulia. Mimi kilichonishtua ni mwanya. Kaka ana mwanya wa mbele tangu utotoni, sasa kwenye video akisema neno moja mwanya upo, linalofuata haupo, meno yamekuwa kipande kimoja cheupe kama kapaka chokaa. Nikaihamishia kwenye kompyuta, nikafungua na VLC, pale ukibonyeza herufi E inasogea fremu moja moja. Ndo nikaona sikio. Sisi kwetu ndewe zimeshikana na shavu, wote, tumerithi kwa baba, huyu wa kwenye video ndewe inaning'inia!! Nikapiga ile namba ya zamani, kaka akapokea na usingizi wake, ananiuliza nani kafa.

bibi_harusi2
Pole sana. Ila mbona rahisi, mwambie apige video kolu apitishe mkono usoni, uso ukivurugika ni feki, usipovurugika ni yeye. Mimi natumia hiyo tu

mkata_video
Dada hapo umepatia nusu. Ukivurugika kuna kitu, sawa, lakini usipovurugika usitume hela. Siku hizi kuna programu zinautambua mkono na kuuacha upite mbele ya uso bila shida. Na mtandao ukiwa mbovu hata mtu halisi anakatika vipande. Cha kuangalia ni umekatika wapi, kama na ukuta wa nyuma umejaa vimraba basi ni mtandao, kama ukuta umetulia halafu ni ukingo wa taya tu unaotetemeka kila akigeuza kichwa, hapo nashtuka.

Mleta mada alichokiona kwenye sikio kina sababu. Mimi nahariri video na hizi programu nimezichezea sana kazini. Nyingi hazibadilishi kichwa kizima, zinachukua kuanzia kwenye nyusi au katikati ya paji hadi kidevuni, basi. Masikio, nywele na shingo vinabaki vya yule aliyekaa mbele ya kamera. Kwa hiyo tafuta picha ya zamani ya ndugu yako ambayo sikio linaonekana ulinganishe.

Meno nayo, kuna modeli moja maarufu inachora uso mzima kwenye nukta 128 kwa 128 tu halafu unavutwa ukubwa. Hebu fikiria mdomo unapata ngapi hapo, jino moja linaambulia nukta chache, mwanya utakaa wapi? Kila fremu inabahatisha upya. Wengine wanapitisha programu ya kunoa sura baada ya hapo, hapo meno yanarudi yamenyooka kuliko ya mwenyewe, na shavu laini kama yai wakati shingo ina vinyweleo na makunyanzi yake.

Mama Pili wa Pili
Jamani hata mimi yalinikuta, shangazi alinitumia selfi, kidoto chake kiko shavu la kulia na mimi namjua kiko kushoto, nikamblock siku mbili kumbe kamera ya mbele inageuza picha kama kioo 😭 mpaka leo hajanisamehe

mkata_video
😂 hiyo siyo kubandikwa, ila ikumbukeni hata mnapolinganisha masikio, la kulia linaweza kuwa la kushoto.

Mleta mada
Na mwanga je? Kwenye yetu dirisha lilikuwa upande mmoja, shingo ina kivuli upande wa pili lakini uso mzima unang'aa sawasawa, pua haina kivuli kabisa

mkata_video
Hiyo dalili nzuri lakini naiweka ya mwisho. Programu inalinganisha rangi ya ngozi kwa wastani, ikikutana na mwanga mkali wa ubavuni mara nyingi inausawazisha uso. Shida filta za urembo nazo zinafanya hivyohivyo, na mwanga wa skrini ya simu unaweza kumulika uso wa mtu halisi shingo ikabaki gizani. Mwanga peke yake usikufanye umwite mtu tapeli.

kijana_wa_zamu
Sasa mimi niliyotumiwa imeforwadiwa mpaka imekuwa ukungu, meno huyaoni, jamaa kavaa hedifoni kubwa zimefunika masikio yote, na kofia juu. Nimepeleka fremu moja moja sioni kitu. Naangalia nini?

mkata_video
Hapo kwa macho sina cha kukuambia mkuu. Hiyo hedifoni na kofia ndo vinanitia wasiwasi kuliko uso wenyewe, lakini na mimi nikiwa zamu usiku huwa navaa hivyohivyo. Namba yake ya zamani inapatikana?