Mjadala: Je, Vietnam ilithibitisha kwamba ndege ya kivita haiwezi kukosa mzinga?

Kipanga: Ndege za kivita za Marekani aina ya F-4 Phantom zilipelekwa Vietnam zikiwa na makombora pekee, zikaaibishwa na MiG za Vietnam Kaskazini zenye mizinga. Je, hilo halitoshi kuonyesha kwamba kombora la masafa marefu ni ahadi tupu?

Msomarada: Si ahadi tupu. Ni kweli kwamba kati ya 1965 na 1968 kombora la Sparrow, lililobebwa na Phantom, lilipata shabaha takriban mara 1 kati ya 10, lakini tazama ilivyotumiwa. Rubani alitakiwa, mara nyingi, kumtambua adui kwa macho kabla ya kufyatua, hivyo kombora lililoundwa kupiga kutoka mbali lilifyatuliwa karibu mno, katikati ya mizunguko mikali. Tena Sparrow hufuata mwangwi wa rada ya ndege iliyolifyatua. Rubani akigeuka kabla halijafika, limepotea. Wengi walifyatua nje ya mipaka yake kwa sababu hawakuwa wamefundishwa mipaka hiyo.

Fundi Mstaafu: Kumlaumu rubani ni rahisi kwa aliye kitini. Nimekarabati vyombo vya redio kwa miaka mingi, na najua unyevu na misukosuko hufanya nini kwa vifaa vile. Kombora lililobebwa safari baada ya safari bila kufyatuliwa, likatikiswa kila ndege inapotua, huharibika kimyakimya.

Msomarada: Sikumlaumu rubani, nililaumu mafunzo yake. Hata hivyo, la vifaa ni kweli: uchunguzi wa jeshi la majini la Marekani, uliokamilika mwanzoni mwa 1969, uligusa utunzaji wa makombora pamoja na mafunzo, na mwaka huohuo Topgan, shule ya kufundisha marubani wa jeshi hilo mapigano ya angani, ikaanzishwa Miramar, California.

Kipanga: Mbona basi waliongeza mzinga?

Msomarada: Jeshi la anga ndilo lililouweka ndani ya F-4E, toleo lake jipya la Phantom. Jeshi la majini halikuuweka ndani ya Phantom zake, ila marubani wake, baada ya Topgan, walifikia takriban MiG 12 kwa kila ndege yao moja iliyotunguliwa na MiG, ilhali uwiano wa jeshi la anga ulibaki karibu 2 kwa 1. Pia MiG-21 nyingi za Vietnam Kaskazini hazikuwa na mzinga. Zilivizia kwa makombora na kutoweka. Zenye mizinga zilikuwa hasa MiG-17.

Nahodha: Mnabishana kuhusu chuma, wakati ugumu ulikuwa kujua unampiga nani. Mwaka 1972 baadhi ya Phantom aina ya F-4D zilipata kifaa cha kunasa ishara za redio ambazo MiG hujitambulisha nazo kwa wenzao, ndipo kupiga kutoka mbali kukaanza kuwa na maana.

Fundi Mstaafu: Na 1994, juu ya Irak kaskazini, ndege mbili za kivita za Marekani aina ya F-15 zilisogea, zikatazama kwa macho, kisha zikatungua helikopta mbili za Marekani yenyewe. Watu 26 walikufa. Macho nayo mnayaamini?

Kipanga: Hilo halihusu mzinga.

Nahodha: Linahusu sharti la kuona kwanza, ambalo ndilo ulilolitetea bila kulitaja.