Mrejesho: ile karatasi ya kipimo cha damu cha FBP yenye HGB, yaani hemoglobini, 8.2

Nililouliza: “Niko Ujiji, mwanamke wa miaka 34. Karatasi inasema HGB 8.2, WBC 6.1, PLT 512. Nimeambiwa damu imepungua. Mbona chembe sahani zimezidi?”

Wakuu, asanteni. Jibu lilikuwa kwenye mstari ambao sikuuandika: MCV 68. Huo ni ukubwa wa chembe nyekundu, na kwa mtu mzima huwa 80 hadi 100. Zikiwa ndogo hivyo, kinachoshukiwa kwanza ni madini ya chuma kuisha. Kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kilitoka 6, kikathibitisha. Upungufu wa chuma wenyewe hupandisha chembe sahani, kwa hiyo ile 512 haikuhitaji dawa yake. WBC, yaani chembe nyeupe, ilikuwa sawa tu.

Nilipewa feras salfeti miligramu 200, kidonge kimoja kwa siku, mbali na chai, maana chai huzuia chuma kisifyonzwe. (Choo kinakuwa cheusi, msishtuke.) Wiki ya nne: HGB 10.1, PLT 390. Vidonge vitaendelea miezi mitatu baada ya HGB kufika 12, ili akiba ijae. Chanzo ni hedhi nzito, nayo inatibiwa; ikiachwa, HGB itashuka tena.