Eti mimi ni "McHome"! Wamenidhalilisha mbele ya foleni nzima

Mpare_wa_Temeke:
Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala na mkono bado unatetemeka. Wale jamaa nyote mnawajua, siwataji, wale wenye kiyoyozi cha kugandisha samaki na kalamu iliyofungwa kamba. Fomu nimejaza mwenyewe: Mchome. Babu Mchome, baba Mchome, ukoo mzima Same huko Mchome. Kadi imetoka McHome. H kubwa katikati ya jina!

Kadi ningevumilia. Ila yule dada wa dirishani! Kaishika, kaita kwa sauti ya puani: "Mista Mak-Houm!" Kimya. Karudia. Watu wakageuka kutafuta mzungu, na mimi nikageuka kutafuta mzungu! Mara ya tatu nikaona picha yangu mkononi mwake. Nikasimama. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kipara, akasema: "Kumbe ni wewe?"

KUMBE NI WEWE. Hadi mlinzi alicheka.

Nikamwambia arekebishe. Akafuta, akaandika Mchome, akabofya kuhifadhi, ikarudi McHome mbele ya macho yangu. "Mfumo unakataa jina lako, baba." Mfumo unakataa jina la babu yangu!

Chachandu:
Pole Mista Mak-Houm. Uskochi mvua zimenyesha?

Fundi_Kodi:
Mkuu, hiyo kurudi yenyewe ukihifadhi ndiyo inayowaumbua. Ingekuwa kosa la mchapaji, ingekubali kusahihishwa. Kuna kanuni inayopita juu ya jina kila linapohifadhiwa. Aliyeiandika aliwaza akina McDonald na MacGregor, kwa hiyo kila jina linaloanza na Mc au Mac, herufi inayofuata anaikuza. Iko hivi:

```
re.sub(r"^(Ma?c)(\w)", lambda m: m[1] + m[2].upper(), jina)
```

Mpe Mchome, anatoa McHome. Mcharo anakuwa McHaro, na Macha wa Moshi anakuwa MacHa. Upareni na Uchagani wote wanageuzwa Waskochi. Hata huko kwao inakosea, maana kuna Mackie ambaye k yake ni ndogo.

Bwana_Tovuti:
Mnajisumbua. Hiyo ni `text-transform: capitalize` kwenye ukurasa tu, data iko salama. Futa huo mstari, kazi imeisha.

Fundi_Kodi:
Hapana kaka. Hiyo inakuza herufi ya mwanzo wa neno tu, haiwezi kuzaa H katikati. Hiyo ungeilaumu kama mtu kaandika "ole" kwa herufi ndogo, akaona "Ole" kwenye skrini.

Msukuma_Mjini:
Afadhali yako. Mimi ni Ng'wandu. Mhasibu wetu kila mwezi anapitisha orodha ya mishahara kwenye PROPER ya Excel ili "ipendeze". Natoka Ng'Wandu. Nimelalamika mpaka nimeitwa mkorofi.

Fundi_Kodi:
PROPER ikiona alama yoyote isiyo herufi inadhani neno jipya limeanza. Python nayo hivyo hivyo:

```
>>> "ng'wandu".title()
"Ng'Wandu"
```

Kwa O'Brien inapatia, ndiyo maana waliojaribu na majina ya Ulaya hawakuona shida.

Mama_Ntilie_IT:
Si waandike yote kwa herufi kubwa? MCHOME. NG'WANDU. Ugomvi umeisha.

Fundi_Kodi:
Kwenye kadi sawa, kama ni kuonyesha tu. Ukihifadhi hivyo, umepoteza. Ukiwa na MCHOME pekee, hakuna programu itakayojua kama mwenyewe anaandika Mchome au McHome. Wahifadhi alivyoandika mwenye jina, wasiguse. Wakitaka kumsaidia aliyejaza "mchome" yote kwa herufi ndogo, wamwulize kwanza.

Mpare_wa_Temeke:
Sasa yule dada kusema "kumbe ni wewe" ni kanuni gani?

Chachandu:
Hiyo ni ya kandambili, mkuu.

Kijana_wa_Posta:
Hatari zaidi, hela zitakataa kuingia! McHome na Mchome ni watu wawili.

Fundi_Kodi:
Mifumo mingi ikilinganisha majina haijali ukubwa wa herufi. Omba tu wasikuwekee nafasi, "Mc Home". Hapo ndipo utazunguka.

Mtu_wa_Mwambao:
Nyie mna bahati. Mimi "bin" yangu naiandika ndogo, wao wanaikuza, halafu wanaifanya jina la kati. Natumiwa ujumbe: "Ndugu Bin, karibu."

Laigwanan_:
"Ole" yangu mimi naitaka kubwa, kaka yangu anaitaka ndogo. Baba mmoja, mama mmoja.

Mtu_wa_Mwambao:
Kaka yako ndiye yuko sahihi.

Laigwanan_:
Nani kakuuliza, Ndugu Bin?

Fundi_Kodi:
Msigombane. Uholanzi mtu huyo huyo ni "Jan van den Berg", ukiondoa Jan anakuwa "Van den Berg". Ubelgiji wanafuata cheti cha kuzaliwa.

Mama_Ntilie_IT:
Kuna mtu kafanikiwa kujaza fomu yao kwa ile kalamu ya kamba? Kamba haifiki kwenye sehemu ya sahihi!

Msukuma_Mjini:
Na wino hamna. Mimi niliazima kwa mlinzi, akataka mia tano.