Mzula unapanda juu na kuacha masikio wazi: nimekosea wapi hesabu yangu?

Mfumaji_Njombe:
Habari zenu wakuu. Nafuma mizula ya kuuza hapa Njombe, na msimu wa baridi ya Juni na Julai ndio wateja wanakuwa wengi, karibu nusu yao ni bodaboda wa alfajiri. Natumia uzi wa akriliki wa unene wa kati na sindano mbili ndefu za milimita 4 mwanzo hadi mwisho. Naanzisha vitanzi 120, nafuma ribu ya mbili mbele mbili nyuma kwa sentimita 8, halafu fumo la kawaida hadi kwenye utosi. Nikimaliza napiga pasi ya mvuke ili ukae vizuri kwenye mfuko.

Siku ya kwanza unakaa. Baada ya wiki mteja anarudi: mzula umepanda, masikio yako nje, na lile pindo la kukunja limechanuka kama mdomo wa tarumbeta. Pia mshono wa nyuma unawaumiza kisogoni. Vichwa vingi ninavyopima vina mzunguko wa sentimita 57. Nibadilishe nini kwanza?

Baridi_Makete:
Dada, tatizo ni uzi. Akriliki haina mrejesho. Tafuta sufu halisi ya kondoo, tatizo lote litaisha. Sufu ukiivuta inarudi yenyewe, akriliki ukiivuta inabaki hapo hapo.

Sindano_Tano:
Baridi_Makete, kuhusu mrejesho uko sahihi, sufu inarudi vizuri kuliko akriliki. Ila hata sufu haitaokoa mzula uliofumwa mpana kuliko inavyotakiwa. Na mteja akiiosha sufu kwa maji ya moto na kuisugua, itajikunja na kuwa ngumu kama blanketi, mzula wa baba utamtosha mtoto. Kwa bei ya mzula wa sokoni, akriliki bado inafaa.

Mfumaji_Njombe, kabla hatujaenda mbali: fuma kipande cha fumo la kawaida kwa sindano zako za milimita 4, kiwe kipana kuliko kiganja, usikipige pasi, kisha hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Unapata ngapi?

Mfumaji_Njombe:
Nimehesabu mara tatu, ni 22. Mistari ni 30.

Sindano_Tano:
Basi kosa la kwanza linaonekana. Vitanzi 120 kwa kipimo hicho vinakupa mzula wa karibu sentimita 54 na nusu. Kichwa ni 57. Tofauti ni sentimita mbili na nusu tu, ni kama umefuma saizi ya kichwa chenyewe. Mzula haushikiliwi na kamba wala kifungo, unashikiliwa na kule kutanuka kwake. Usipotanuka, haushiki. Mimi nauacha uwe mdogo kuliko kichwa kwa asilimia 12 hivi, yaani kwa kichwa cha 57 nafuma wa sentimita 50. Hapo unahitaji vitanzi 110.

Kosa la pili ni sindano moja kwa kazi yote. Ribu ifume kwa sindano ndogo zaidi, milimita 3 na robo inatosha, halafu uhamie 4 ukifika kwenye fumo la kawaida. Ribu iliyofumwa kwa sindano kubwa ina vitanzi vilivyolegea tangu siku ya kwanza, ukiikunja inachanuka.

Kosa la tatu, na hili ndilo linaloua kazi yako nzuri, ni pasi. Mvuke unalainisha nyuzi za akriliki na hazirudi tena kama zilivyokuwa. Ribu inakuwa bapa, inang'aa kidogo, inaning'inia kama kitambaa cha pazia. Ujaribu hivi: chukua mzula ambao haujapigwa pasi na mwingine uliopigwa, vuta ribu ya kila mmoja hadi upana wake uwe mara moja na nusu, achia. Wa kwanza utafunga, wa pili utabaki wazi. Ukitaka ukae vizuri mfukoni, lowanisha kwa maji ya baridi, kamua ndani ya taulo, laza juu ya kitambaa ukauke. Usiuanike kwa kibanio.

Mfumaji_Njombe:
Ah, pasi! Kumbe naharibu mwenyewe. Sasa kwa nini wengine mzula unapanda hata kabla haujalegea?

Sindano_Tano:
Hiyo ni kina. Mwambie mteja auvae na kuusukuma chini mpaka utosi wa mzula uguse utosi wa kichwa. Kama ukingo unaishia katikati ya sikio, mzula ni mfupi. Ukingo ulioishia pale juu, kichwa kinapoanza kupungua kuelekea utosini, kila akigeuza shingo unateleza kwenda juu tu. Ukingo unatakiwa uvuke ule uvimbe wa kisogo na ufike kwenye ndewe, hapo kichwa chenyewe kinauzuia. Mtu mzima anahitaji sentimita 21 hivi kutoka utosini hadi ukingoni, pindo likiwa limekunjwa tayari. Watu wengi wanapima kabla ya kukunja, wakikunja wanakosa sentimita 6.

Kwa vitanzi 110 fanya hivi. Ribu sentimita 12, ili ukikunja pindo liwe 6. Kisha fumo la kawaida mistari 26, karibu sentimita 8 na nusu. Halafu anza kupunguza: acha kitanzi kimoja cha pembeni kila upande, vilivyobaki ni 108, vigawe mafungu 9 ya vitanzi 12. Kwenye kila fungu funga viwili pamoja, mstari mmoja unapunguza, mstari unaofuata unafuma bila kupunguza. Baada ya kupunguza mara 10 unabaki na vitanzi 20. Funga viwili viwili mstari mzima, vibaki 10, pitisha uzi ndani yake, kaza. Jumla utapata kama sentimita 27, ukikunja ni 21.

Na 110 sikuichagua ovyo. Ribu ya mbili-mbili inayoshonwa nyuma inataka namba inayogawanyika kwa nne halafu uongeze mbili. Kila mstari wa upande wa nje unaanza na mbili za mbele na kuishia na mbili za mbele, na wa upande wa ndani unaanza na kuishia na mbili za nyuma. Ukishona unakula kimoja kila upande, vinabaki viwili vya mbele vilivyoungana, na mshono unapotea kwenye ribu.

Uzi_wa_Kinangop:
Huku Kenya tunaita marvin, na ile ya kufunika uso ni boshori. Naongezea kuhusu mshono unaoumiza. Ukikunja pindo, upande wa ndani unageuka kuwa nje. Kwa hivyo sentimita 6 za chini zishone huku ukingo wa mshono ukiwa upande wa nje wa kofia, halafu karibu na mkunjo ubadilishe upande na uendelee kushona kwa ndani kama kawaida. Ukikunja, ule mshono wa chini unajificha katikati ya tabaka mbili, hakuna anayeuona na haugusi ngozi. Shona kwa kuunganisha kitanzi kwa kitanzi, usipige mshono wa kuzungusha juu ya kingo, huo ndio unaotoa uvimbe.

Wengine huku huweka lastiki nyembamba kwenye mstari wa kwanza. Inashika vizuri sana.

Sindano_Tano:
Kwenye lastiki hatutakubaliana. Inashika, lakini inaacha alama kwenye paji la uso, na ikikatika baada ya kufuliwa mteja anaona kofia nzima imekwisha. Ribu iliyopimwa vizuri haiihitaji.

Uzi_wa_Kinangop:
Kwa watoto bado nitaiweka. Kofia ya mtoto huvutwa kutwa nzima.

Mama_Rasta:
Samahani, labda nimeingia uzi usio wangu. Wateja wangu wana rasta na misuko mikubwa, mzula hauingii kabisa. Nifume vitanzi 150?

Sindano_Tano:
Hapana, ukifanya hivyo utalegea masikioni, na nywele ziko juu na nyuma. Acha ukingo vile vile wa 110, kisha ukimaliza ribu ongeza vitanzi kwenye mstari mmoja hadi 140 hivi, urefushe na mwili. Au wafumie kitambaa cha masikio tu: mkanda wenye upana wa sentimita 9 au 10, urefu 50, ukifuma mbele kila mstari ili usijikunje kingo. Ukiufuma kwa fumo la kawaida utajisokota kama sigara na masikio yatabaki wazi. Ushone ncha kwa ncha, rasta zinabaki huru.

Baridi_Makete:
Na bodaboda je? Huyo anavaa helmeti. Mimi nadhani mzula wa kukunja mara mbili ndio bora kwake, upepo wa asubuhi ni mkali.

Uzi_wa_Kinangop:
Hapo sikubaliani nawe, na ni jambo la usalama. Pindo la tabaka mbili chini ya helmeti linaiinua, na linabana kwenye paji na juu ya masikio. Mwendeshaji akiumia kichwa analegeza mkanda wa kidevuni, helmeti inaanza kucheza. Mfumie boshori ya tabaka moja kwa uzi mwembamba, bila pindo. Utosini usiache fundo la vitanzi 10, punguza tena hadi vibaki vitano ndipo ukaze, halafu fundo lilaze bapa kwa ndani. Fundo nene chini ya helmeti linachoma kama kokoto baada ya nusu saa.

Mdomo wa uso ndio huharibika kwanza. Unapookota vitanzi kuzunguka uwazi, pembeni okota vitatu kwa kila mistari minne. Ukiokota kila mstari, ukingo utakuwa na mawimbi na upepo utaingia. Ukiokota vichache sana, utavuta mashavu. Kisha ribu ya moja-moja, sentimita 2 na nusu, na ufunge bila kukaza, la sivyo hataweza kuishusha chini ya kidevu akiongea na abiria.

Mfumaji_Njombe:
Nimeanza mmoja wa vitanzi 110 sasa hivi, ribu kwa sindano ya 3 na robo. Kuanzisha vitanzi kwa sindano ndogo kumenipa ukingo mgumu, haupiti kichwani. Nifumue?

Sindano_Tano:
Fumua, ni mapema. Anzisha vitanzi kwa sindano ya 4 ukiwa umeacha mkia wa uzi wa mita moja na nusu au zaidi kidogo, kisha mstari wa kwanza wa ribu ufume kwa ile ndogo. Ukingo ukiuvuta unatakiwa ufike sentimita 60 bila uzi kulia. Ukifika 70 kwa urahisi umelegeza, utachanuka tena.

Mfumaji_Njombe:
Nimefumua. Umefika 61. Naendelea na ribu, nikifika kwenye utosi nitarudi hapa. Na ya boshori bado nataka kujua: shingo niifanye ndefu kiasi gani ili iingie ndani ya koti?

Uzi_wa_Kinangop:
Inategemea kola ya koti. Mpime mteja akiwa amelivaa, kutoka chini ya kidevu hadi zipu inapofungwa, na uongeze vidole vinne.