Tupeane uzoefu: wimbo wa shule ambao la kwanza mpaka la saba wanaimba bila kumung'unya

Mwl_Mstarini: Habari zenu wadau. Nafundisha shule ya msingi, kijijini, na mwaka huu nimepewa kazi ya kuandika upya wimbo wa shule maana wa zamani umetushinda. Ulikuwa na mstari "Taaluma na maadili, weledi na ufanisi". Siku moja nikasimama nyuma kabisa ya mstari wa la kwanza nikawasikiliza, wenzangu, watoto wanaimba "taa ya mama na Adili" kwa nguvu zote, na Adili ni mtoto wa la pili, wanamgeukia kabisa! Weledi wanaruka tu, midomo inatembea sauti haitoki. Nyie kwenu mlifanyaje?

bibi_mahafali: Sisi mahafali ya la saba tulitunga ngonjera, watoto wakavaa kanga, wazazi walitunza mpaka laki mbili na kitu. Tumieni ngonjera.

Mwl_Mstarini: Asante dada ila hii ni ya kila asubuhi paredi, sio mahafali.

KwayaMasta: Mwalimu, maneno magumu ni nusu ya shida. Nusu ingine ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, sasa kama pigo zito la wimbo linaangukia kwingine, mtoto analisikia neno kama geni hata kama nyumbani analijua. Tulikuwa na mstari "Kusoma na kuandika". Hesabu mizani, ziko nane safi, ila piga mguu, kushoto kulia, utajikuta unaimba KUsoMA, wakati mtoto anasema kuSOma. Kila asubuhi walikuwa wanakwama hapohapo. Tukabadili ikawa "Tunasoma, tunacheza", nne kwa nne, mkazo ukaangukia SO na CHE, na wiki hiyohiyo ikaisha shida. Beti letu zima ni hili:

Shule yetu twaipenda
Asubuhi tunakwenda
Tunasoma, tunacheza
Miti yetu twaipanda

Hakuna neno hapo ambalo mtoto wa la kwanza halitumii nyumbani. Na mstari wa mizani nane anaumaliza kwa pumzi moja, ukiweka kumi na sita mdogo anakata katikati ya neno.

Malenga_wa_Pwani: Mbona mstari wa tatu umevunja vina? nda, nda, za, nda. Kwenye utenzi vitatu vya kwanza vinafanana, cha nne ndo bahari. Mtoto anashika kwa vina bwana.

KwayaMasta: Ni kweli vina vinasaidia kukumbuka mzee wangu, ila nikitafuta kina cha nda pale nitaishia kuleta neno la kamusi, bora nivunje.

Malenga_wa_Pwani: Hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

odongo_wa_mtaani: Huku Kenya wimbo wa shule yetu ulikuwa wa Kizungu, watoto wa gredi ya kwanza walikuwa wanaimba tu mwisho wa kila laini. Halafu kitu ingine, watoto hawafikii sauti za juu, shusheni chini kabisa.

KwayaMasta: Ndugu yangu, za juu sana kweli hawafiki, ila chini kabisa ndo wanapotea zaidi. Mwalimu mwanaume akianzisha kwa besi yake, wadogo wanageuka kuongea badala ya kuimba, na wakubwa wanapiga kelele. Tunga ndani ya do mpaka la, noti sita tu, halafu do yako iwe ile D iliyo juu tu ya C ya katikati ya kinanda. Kama huna kinanda, mwanzishaji awe mtoto wa kike wa la nne, sio wewe. Utajua umepatia ukiona shingo hazinyooki kwenye noti ya juu.

mama_wawili: Mimi naomba niseme la sauti yenyewe. Shule ya wanangu walichukua tuni ya tenzi za kanisani wakaweka maneno mapya, wazazi waislamu tukalalamika, na watoto wetu wakawa wanasimama kimya. Imenikaa moyoni mpaka leo.

Malenga_wa_Pwani: Lakini hata wimbo wetu wa taifa, sauti yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, aliutunga 1897 ukiwa wimbo wa dini.

mama_wawili: Ule tumekua nao baba, na maneno yake hayambagui mtu. Huu ulikuwa unaimbwa Jumapili kanisa la jirani, tunausikia.

Mwl_Mstarini: Basi tuni naanza upya, ntatafuta ya ngoma ya hapa kijijini. Mkuu wa shule anataka lazima "nidhamu" iwemo, nimeijaribu, "Kwa nidhamu na upendo", mizani nane, mkazo DHA na PE, inakaa kabisa! Ila la kwanza nidhamu wanaijua kama fimbo. Jumatatu nawaimbisha, ntasimama palepale nyuma nisikilize.

KwayaMasta: Simama bila daftari, wakikuona unaandika wanaanza kuimba kwa adabu.