Naomba ushauri: barua ya kuita sindika na direksio meza moja

Wandugu, habari za Lubumbashi. Niko sekretere kwenye karakana moja hapa, na nimepewa kazi ya kuwaita delege wa sindika na direksio wazungumze juu ya saa za ziada. Barua ya kwanza niliandika "madai ya wafanyakazi kuhusu saa zisizolipwa". Direksio wakasema nimeshawahukumu. Nikabadilisha kuwa "malalamiko", delege naye akakasirika: "Sisi si watoto wa kulialia!"

Sasa nimeandika: "Hesabu na malipo ya saa za ziada, Juni na Julai." Barua ni moja, inawafikia wote saa ileile. Kikao ni kwenye sale ya parokia, si ofisi ya mkubwa. Watu wanne kila upande, dakika kumi za kusema bila kukatwa, na kila upande unaweza kuomba mapumziko.

Kinachonisumbua ni sheria ya siri. Niliandika "hakuna kutoa habari nje", lakini delege lazima arudishe jibu kwa waliomtuma. Je, niseme wakubaliane mwishoni maneno ya kutangaza? Na nisaini barua kwa jina la nani, wakati mshahara wangu unatoka direksio?