Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 kwenye kompyuta ya familia: kupandisha toleo au kusakinisha upya?

BabaWawili: Habari zenu. Kompyuta yetu ya nyumbani ina akaunti nne, na watoto wawili wamewekewa kikomo cha muda kwa Timekpr. Nataka kuhamia 24.04 usiku, bila mtu kukaa mbele ya kioo. Je, nipandishe toleo lililopo, au nisakinishe upya na kuiacha `/home`, ambayo ina sehemu yake kwenye diski?

Kijana_wa_Tanga: Sakinisha upya, ndugu. Maadamu `/home` imejitenga, akaunti, mipangilio na vizuizi vyote vitabaki salama.

FundiMkongwe: Mafaili na mipangilio ya kila mtu vitabaki, hilo ni kweli. Lakini majina na nywila hukaa ndani ya `/etc`, na vikomo vya Timekpr hukaa `/var/lib/timekpr`. Ukivifuta, watoto wataamkia kompyuta isiyo na kikomo chochote. Isitoshe, mfumo humtambua mwenye faili kwa namba, wala si kwa jina, hivyo anayesakinisha upya sharti aunde akaunti kwa namba zilezile za awali. Zitazame kabla ya kufuta:

```
ls -ln /home
```

MamaSalma: Mimi niliwasha `unattended-upgrades` na sijawahi kuulizwa swali lolote. Kwa nini msumbuke?

FundiMkongwe: Dada, hiyo huleta marekebisho ya usalama ndani ya toleo lilelile, haitakuvusha kutoka 22.04. Kazi ya BabaWawili inahitaji amri hii:

```
sudo do-release-upgrade -f DistUpgradeViewNonInteractive
```

Mwalimu_K: Namba hizo zilinitesa. Nilisakinisha upya nikaanza na akaunti ya mdogo badala ya mkubwa. Mdogo akapata 1001, iliyokuwa ya kaka yake, na kila mmoja akanyimwa ruhusa kwenye folda yake mwenyewe. Nilipoona orodha ya `ls -ln`, nilielewa kwamba hakuna faili lililopotea, ila wenyewe walikuwa wamebadilishana.

FundiMkongwe: Ndiyo maana kwa akaunti nne ningepandisha toleo: `/etc` na `/var` hubaki mahali pake. Hata hivyo, nakili kwanza folda hizo mbili pamoja na `/home` kwenye diski ya nje. Kama Timekpr ilitoka kwenye hazina ya nje, kipandishaji huizima hazina hiyo, kwa hiyo programu yaweza kubaki ya zamani. Asubuhi ingia kwa akaunti ya mtoto, uone kama dakika zinapungua kweli. Kuona vikomo vimeandikwa tu hakutoshi.

BabaWawili: Nimeelewa, nitapandisha. Umeme ukikatika katikati je? Betri ya kompyuta yangu haishiki hata nusu saa.

Kijana_wa_Tanga: Ukirudi, endesha `sudo dpkg --configure -a`.

FundiMkongwe: Hiyo itasaidia iwapo mfumo utawaka. Usipowaka, utahitaji fleshi ya kusakinishia, nami nisingeiacha kazi hiyo usiku kwa betri ya namna hiyo.